Siku ile hakukuwa na sukari

Swali la wiki: Je, mazoea ya kila siku ya waandishi wakubwa, tunayoyasoma katika shajara zao na simulizi za wageni waliowatembelea, yanafaa kuigwa na anayetaka kuandika na kulinda afya yake?

Mhariri, mimi nilikwama kabla ya kufika kwenye kuiga. Nani alikwambia walikuwa wakifanya hayo?

Nina sababu ya kuuliza kwa ukali. Mwaka 1983 nilikuwa kidato cha tatu, na mwalimu wetu wa Kiswahili alinituma kwa mzee mmoja mtunga tenzi, mtu wa upande wa Pangani, nikaandike habari zake kwa ajili ya gazeti la ukutani. Nilifika saa mbili asubuhi. Mzee alikuwa barazani, kanzu safi, kibaraghashia kichwani, birika la kahawa kando yake. Alinikaribisha, akanimiminia kikombe. Chungu kama shubiri. Nikamtazama, naye anakunywa taratibu, hakunji hata uso. Nikaandika: “Mzee hatumii sukari, na ndiyo siri ya afya yake.” Akaniambia huamka kabla ya adhana, hutembea mpaka ufukweni, kisha huandika. Nikaandika na hayo. Nilikaa naye hadi alasiri, tukala wali na dagaa, akanisomea beti, akalala kidogo kwenye mkeka, akaamka, akanisomea nyingine.

Miaka kumi na kitu baadaye nilikwenda kwenye arobaini yake. Bibi aliponikumbuka alicheka mpaka akashika ubavu. “Wewe ndiye uliyeandika hatumii sukari? Mjukuu wangu, siku ile hakukuwa na sukari!” Wenye umri wangu mnaikumbuka miaka ile, foleni ya duka la ushirika na karatasi ya balozi. Mzee, kumbe, alikuwa akiweka vijiko vitatu. Alikaza uso asiaibike mbele ya mgeni.

Hapo nikaapa kwamba wageni ni waongo wasiojijua, na kwamba ukweli wa mtu uko kwenye daftari lake mwenyewe. Nilidumu na imani hiyo muda mrefu, na ndiyo niliyotaka kukuandikia leo. Shida ni kwamba katikati yake nimekuwa nikisoma habari za Tolstoi, yule mwandishi Mrusi aliyeishi Yasnaya Polyana, na imani yangu imepata nyufa.

Nyumba ile kila mtu alikuwa na daftari. Mwenyewe aliandika shajara tangu ujana. Alipotaka kuoa mwaka 1862 alimpa mchumba wake, Sofia, shajara zake zote azisome, na binti wa watu alizisoma akalia. Mke naye akawa na shajara yake. Mwisho wa maisha ya mzee walikuwapo pia katibu kijana, Bulgakov, mpiga piano Goldenweiser, na daktari Mslovakia aitwaye Makovický. Wote wanaandika, meza moja, chai moja.

Sasa tazama daftari la mwenye nyumba. Kuanzia 1865 hadi 1878 liko karibu kimya. Sehemu kubwa ya “Vita na Amani” na “Anna Karenina” yote imo ndani ya kimya hicho! Kwa hiyo anayefungua shajara atafute alikula nini na alilala saa ngapi alipokuwa akitunga vitabu vile, hapati kitu. Mtu alikuwa kazini. Daftari linanenepa baadaye, anapoumwa, anapojilaumu, anapogombana na mke. Linaonyesha mgonjwa mwenye majuto, kumbe mzee wa miaka 82 alikuwa bado anapanda farasi kila alasiri.

Tena alijua anasomwa. Mke alizinakili shajara zake, wafuasi nao wakazinakili. Ilipofika Julai 1910 akaanzisha nyingine ya siri, ya kwake peke yake, akaificha ndani ya kiatu cha buti. Mke akaiona. Mtu anayeandika huku akijua jicho la nani litapita juu ya mstari si shahidi wa peke yake chumbani.

Basi turudi kwa wageni? Mchoraji Repin alimwona akilima kwa farasi, akamchora mwaka 1887, na dunia nzima ikaamini mzee alishinda shambani. Ndiyo kahawa yangu chungu ile. Mgeni huona siku moja akaifanya maisha.

Lakini wale waliokaa ndani ni habari nyingine. Bulgakov anaeleza siku ya kawaida ya 1910: matembezi ya asubuhi, kahawa, kazi mlango umefungwa mpaka kama saa nane mchana, kisha farasi, usingizi mfupi, chakula cha jioni kama saa kumi na mbili, halafu chai na sataranji. Goldenweiser, aliyekuwa akicheza naye hiyo sataranji, hapingani naye katika mpango huo. Watu wawili wakikubaliana juu ya jambo ambalo hakuna aliyefaidika nalo, mimi nasadiki. Wakifika kwenye nani alimwonea nani, mume au mke, kila mmoja ana upande wake, na hapo naweka kitabu chini.

Kuna na jambo ambalo shajara ya mwenyewe haiwezi kulijua. Tarehe 3 Oktoba 1910, kwa kalenda yao ya zamani, alizimia, mwili ukamtetemeka wote. Aliyezimia hawezi kushuhudia kuzimia kwake. Hilo tunalo kutoka kwa waliomshika.

Anayenivutia zaidi ni yule daktari. Alikuwa na vipande vya karatasi ngumu mfukoni na kalamu fupi ya risasi, akiandika mkono ukiwa humo humo mfukoni, kisha usiku ananakili. Ndiye aliyeondoka naye mzee alipoihama nyumba yake alfajiri moja ya mwisho wa Oktoba, wakashuka stesheni ya Astapovo mzee akiwa na homa ya mapafu, akafa humo siku chache baadaye. Daktari alipima joto na mapigo ya moyo. Namba ya kipimajoto haina sababu ya kumpendelea mtu. Ingawa, niseme kweli, daktari huyo alikuwa pia mfuasi, na maneno ya mzee aliyanakili kama mtu anayekusanya hadithi za mtume. Joto namwamini. Maneno, nusu.

Na yule mzee wa Pangani? Bibi alinionyesha daftari lake, nikatafuta siku yangu. Ameandika: “Mgeni mwanafunzi. Beti sita.” Beti sita! Nilikaa naye toka saa mbili mpaka alasiri na hakugusa kalamu. Labda aliandika usiku baada ya mimi kuondoka. Labda alizihesabu zile alizonisomea. Nimelifikiria hili miaka mingi na siwezi kumwita mwongo.

Kwa hiyo swali lako, Mhariri, la kuiga au kutoiga, naona ningejibu hapana, isipokuwa kwamba tangu 1983 kahawa nainywa chungu, na daktari wangu wa kisukari hana malalamiko.

Msomaji, Tanga