Không, chưa au đừng?

"Jamani, 'sijala' kwa Kivietinamu ni không au chưa? Rafiki yangu anasema không inatosha kila mahali."

Rafiki yako amepatia nusu. Sijala ni *tôi chưa ăn*. Ukisema *tôi không ăn* umesema sili, na mwenyeji ataondoa sahani. Palipo na -ja- ya "bado", weka chưa. Ila "sikula jana", siku imeshapita, kwa hiyo ni *hôm qua tôi không ăn*.

Mimi niliulizwa kama nimeoa, *anh có vợ chưa?*, nikajibu không, wakacheka. Jibu ni *chưa*, kama "bado" yetu, hata kama huna mpango.

Usile ni *đừng ăn*, unamwambia mtu ana kwa ana. Kwenye vibao vya ukutani utakuta *cấm*, yaani marufuku.