Kepsheni ya kampuni ya usafi

"Nisaidieni kepsheni. Tuko wanne, chumba 1,500, nyumba na ofisi."

Dada, ukiandika "chumba" tu, mteja atahesabu vyumba vya kulala, na jikoni, penye mafuta yaliyoganda, utasugua bure. Weka hivi:

"Usafi wa kina Nairobi. Watu wanne, sabuni na mashine zetu. Chumba cha kulala au sebule 1,500, jikoni au bafu 2,000. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala, sebule, jikoni na bafu: 8,500. Makochi na mazulia bei kando. Ofisi, tunakuja kuona kwanza."

Ofisi nayo kulipwa kwa chumba ni sawa kwa ofisi ndogo zenye milango. Ukumbi wazi wa meza ishirini, utaumia.