Bajia nyepesi: rojo baridi na moto wa mafuta

Maswali ya safu hii yanahusu bajia za kuchovya: vipande vya mboga au kamba vinavyovikwa rojo jepesi la unga na kukaangwa kwenye mafuta mengi.

Kwa nini kila mtu anasisitiza maji ya barafu? Mimi natumia ya bombani, bajia zinaiva vizuri tu ila ganda linatafunika kama mkate.

Huo utafunaji wa mkate ndio jibu lenyewe. Unga wa ngano una protini ambazo zikilowa na kukorogwa hushikana, zikawa nyuzi zinazovutika. Nyuzi hizo huitwa gluteni. Kwenye mkate tunazitaka, kwa sababu ndizo zinazobeba hewa na kuuinua. Kwenye bajia zinafunga maji ndani ya ganda na kulifanya kuwa gumu la kuvutika badala ya kavu la kuvunjika. Baridi huchelewesha kazi hiyo: unga unakunywa maji polepole na nyuzi zinachelewa kushikana, hivyo unapata dakika chache za kufanya kazi kabla rojo halijageuka kuwa donge.

Wengi huamini kwamba baridi inapokutana na mafuta ya moto ndipo mapovu yanaporipuka na kulipa ganda wepesi. Hesabu haikubali. Kuvukisha gramu moja ya maji kunahitaji nishati karibu mara 27 ya ile ya kuyapandisha kutoka nyuzijoto 5 hadi 25, kwa hiyo ndani ya sufuria ule ubaridi ni kitu kidogo sana. Faida yake yote iko kwenye bakuli, kabla ya kukaanga. Ukilijua hilo utaona pia kwamba maji ya barafu hayamwokoi mtu anayekoroga rojo kama anapiga keki.

Naomba vipimo, na namna ya kukoroga. Rojo langu huwa laini kabisa, halina hata kidonge kimoja, lakini matokeo ni mabaya.

Ulaini huo ndio kosa. Vidonge vidogo vya unga mkavu vinavyoelea kwenye rojo ni dalili kwamba hujakoroga kupita kiasi.

Kwa vipande 25 hivi, chekecha gramu 100 za unga mweupe wa ngano pamoja na gramu 20 za wanga wa mahindi, ule mweupe laini unaotumika kuzitisha mchuzi. Wanga hauna gluteni, kwa hiyo unapunguza mvutano na kusaidia ganda kukauka. Kama unga wako ni wa mikate, wenye protini nyingi, fanya gramu 80 za unga na 40 za wanga. Weka mchanganyiko huo kwenye friji kwa nusu saa.

Vunja yai moja kwenye kikombe cha kupimia, ongeza maji yaliyokaa na barafu hadi jumla ifike mililita 200, kisha piga mpaka yai lipotee kabisa. Yai linapigwa hapa, likiwa bado halijakutana na unga, kwa sababu baadaye hutakuwa na ruhusa ya kupiga chochote. Toa mabonge ya barafu. Kipande cha barafu kikiingia kwenye mafuta ya moto, maji yake yanageuka mvuke kwa ghafla na mafuta yanaruka nje ya sufuria.

Mafuta yakishapata moto, mimina unga wote kwa mara moja juu ya maji. Chukua vijiti viwili au uma, usichukue mchapo wa mayai, ukatie kutoka pembeni kwenda katikati mara 10 hadi 15. Acha hapo hapo, hata kama pembeni kumebaki unga. Rojo linatakiwa kutiririka kutoka kwenye uma kama maziwa mazito na kuacha utando mwembamba. Likishuka kwa mabonge, ongeza kijiko kimoja cha maji baridi, usizidishe.

Weka bakuli ndani ya bakuli kubwa lenye barafu, na ulitumie rojo ndani ya robo saa hivi. Kama una watu wengi wa kulisha, chekecha unga wote mapema lakini changanya rojo kwa mafungu. Fungu la pili lililochanganywa upya litakupa bajia bora kuliko bakuli moja kubwa lililokaa.

Sina kipimajoto. Nitajuaje mafuta yako tayari?

Tumia rojo lenyewe. Dondosha tone dogo katikati ya sufuria na uliangalie linavyosafiri. Likizama hadi chini kabisa na kupanda polepole, mafuta yako chini ya nyuzijoto 160 na bado ni mapema. Likizama hadi nusu ya kina kisha likapanda haraka, uko kati ya 170 na 180, ambako kazi nyingi hufanyika. Likitawanyika juu bila kuzama, umekaribia au kuvuka 190: shusha moto na usubiri, maana ganda litapata rangi kabla ya cha ndani kuiva.

Kila kitu kina joto lake. Viazi vitamu vya unene wa nusu sentimita vinahitaji muda wa kulainika, kwa hiyo vikaange kwenye 165 hivi kwa dakika tatu. Bilinganya kwenye 170 huchukua dakika mbili. Kamba wanataka 180 na dakika moja na nusu hadi mbili, kwani wakikaa zaidi wanakuwa mpira. Anza na mboga, umalizie na kamba, ili moto upande tu na mafuta yasichukue harufu yao mapema.

Sikiliza pia. Kipande kikiingia, mlio ni mzito na mapovu ni makubwa, kwa sababu maji mengi yanatoka. Mlio ukiwa mwembamba na mapovu yakawa madogo na machache, maji ya ganda yamekwisha na ni wakati wa kuopoa. Usisubiri rangi ya kahawia. Rojo hili likiiva lina rangi ya majani makavu iliyopauka.

Raundi ya kwanza hutoka kavu, ya pili inalowa mafuta mpaka yanachuruzika. Natumia lita moja ya mafuta, naweka vipande kumi na viwili kwa mpigo. Tatizo ni mafuta kuchoka?

Mafuta ya raundi ya pili hayajachoka, yamepoa. Fuata kilichotokea. Raundi ya kwanza ilianza mafuta yakiwa 180, pengine zaidi, kwa sababu yalikaa kwenye moto yakikusubiri. Ulipoingiza vipande kumi na viwili, maji yao yalianza kuchemka, na mvuke ukaondoka na joto. Kuvukisha gramu 25 tu za maji kunakula joto la kutosha kushusha lita moja ya mafuta kwa nyuzi 25 hadi 30, na hapo hatujahesabu joto la kupasha vipande vyenyewe. Jiko linarudisha joto, lakini halirudishi kwa kasi hiyo. Raundi ya pili ikaanzia mahali ambapo ya kwanza iliishia, huenda 150 au chini yake, kisha ikashuka zaidi.

Joto likishuka hivyo mvuke unatoka kwa uvivu. Mvuke unaosukuma kwenda nje ndio unaozuia mafuta kuingia na ndio unaoacha vile vitundu vya hewa kwenye ganda. Ukidhoofika, rojo linakaa majimaji muda mrefu, linashikana bila kutanuka, na kipande kinabaki kwenye mafuta dakika nyingi zaidi ili kipate rangi.

Kwa lita moja weka vipande vinne au vitano. Kanuni rahisi ni kwamba vipande vifunike nusu ya uso wa mafuta, visizidi hapo. Viingize kimoja kimoja, ukiacha sekunde chache kati yao, ukiwa umeongeza moto kidogo kabla ya cha kwanza. Baada ya kuopoa, zoa punje za rojo zinazoelea kwa kijiko cha matundu, halafu rudia kipimo cha tone. Mara nyingi utasubiri dakika moja au mbili, na dakika hizo ndizo zinazoitofautisha raundi ya pili yako na ya mwenye ujuzi. Punje zikiachwa zinaungua, zinayatia mafuta giza na uchungu, na hapo ndipo mafuta huchoka kweli.

Sufuria nzito yenye kina husaidia kushika joto. Mafuta yafike sentimita nne hivi kwenda juu, lakini yasipite nusu ya sufuria.

Rojo linavuka kutoka kwenye kipande, naopoa mboga uchi na ganda linaelea peke yake.

Kipande kilikuwa na maji juu yake. Maji hayo yanageuka mvuke kati ya mboga na rojo na kulisukuma ganda mbali. Futa kila kipande kwa kitambaa kikavu, kisha kipitishe kwenye unga mkavu, ukung'ute mpaka ubaki utando tu kama vumbi. Unga huo unakunywa unyevu uliobaki na kulipa rojo mahali pa kushika. Chovya, acha litone kwa sekunde mbili, ingiza kwenye mafuta bila kuchelewa. Kwa sekunde 20 za mwanzo usikiguse. Ganda bado ni laini na ukilichokora linapasuka.

Maji ya soda au bekin pauda vinasaidia?

Maji ya gesi yasiyo na sukari, yakiwa baridi sana, yanaongeza vitundu vidogo na yanaweza kuchukua nafasi ya maji ya kawaida kwa kipimo kile kile. Yamimine mwishoni, kwa sababu gesi inatoroka haraka. Bekin pauda inafaa kama rojo litasubiri, robo kijiko cha chai kwa gramu 120 za unga, ila ganda litakuwa la kuvimba zaidi kuliko la kuvunjika. Kwa rojo linalotumika papo hapo tunaiacha.

Zikitoka ni kavu kabisa. Nikizifunika mezani, baada ya dakika tano zimelegea.

Mfuniko unarudisha mvuke kwenye ganda. Cha ndani bado ni cha moto na kinaendelea kutoa maji kwa dakika kadhaa, kwa hiyo bajia inahitaji hewa kila upande. Ziweke kwenye wavu wa chuma ulioinuliwa juu ya sinia, zikisimama kwa ubavu kama inawezekana, bila kurundikana.

Mafuta mengi ambayo bajia inayabeba huingia baada ya kuopolewa. Mvuke wa ndani ukipoa unasinyaa, na kusinyaa huko kunavuta mafuta yaliyobaki juu ya ganda kuingia kwenye vitundu. Kwa sababu hiyo, kabla hujaiweka kwenye wavu, inua bajia juu ya sufuria na uikung'ute mara mbili tatu ingali ya moto. Karatasi ya kunyonya mafuta isaidie kwa nusu dakika ya kwanza, halafu zihamishe, maana upande unaolala kwenye karatasi unalowa kwa mvuke wake wenyewe. Chumvi inyunyiziwe wakati wa kula, kwani ikikaa juu ya ganda inavuta unyevu.