Usifungue laivu na "jamani mnanisikia?"

Laivu yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika kumi na moja, na nne za mwanzo nilikuwa nauliza tu kama nasikika. Nilikaa sebuleni kwetu hapa Langoni, Lamu, nimejipamba, pakiti za mabuyu nimezipanga mezani safu safu, nikabonyeza nikasema "Jamani mnanisikia? Kuna mtu? Haya tusubiri wengine waingie kidogo." Kimya. Nikarudia. Kimya. Punda akalia chini ya dirisha, nikacheka peke yangu, halafu nikaanza kujieleza biashara nilianza vipi na mamangu alinifunza nini, sauti yatetemeka mpaka naisikia mwenyewe. Wifi yangu alikuwa ananitizama toka chumba cha pili, akanitumia meseji: "Wifi, mbona kama waandikisha taarifa polisi?"

Kilichoniponza nilikuja kukielewa baadaye. Laivu si kama kupiga simu. Ukisema neno, mtazamaji hulipata baada ya sekunde kadhaa, na netwaki ikiwa nzito zinaweza kupita kumi, kisha na yeye aandike, kisha ile komenti irudi kwako. Sasa wewe uliyeuliza "mnanisikia?" unakaa unakodolea kioo ukidhani hakuna mtu, moyo unaenda mbio, na wao ndio kwanza wanakusikia ukiuliza. Hofu yote ya dakika ya kwanza mimi niliitengeneza kwa swali langu mwenyewe.

Na watu hawaingii kwa mkupuo. Anaingia mmoja, wawili, kila mtu kwa wakati aliopata ile taarifa kwenye simu. Yule wa kwanza akikukuta wasema "tusubiri watu waingie" atajiuliza kwani yeye ni nani, kiti? Anatoka. Tena kwa Facebook video inabaki hapo hadi siku 30 (zamani ilikuwa inakaa tu, tangu 2025 wanaifuta muda huo ukipita), kwa hiyo yuko atakayeitizama kesho akiwa kazini na yeye ataanza na ile sekunde yako ya kwanza. Huyo unamsubirisha nini?

Mara ya pili nikahamia jikoni. Nilipika vile napika siku zote, mabuyu vikombe vinne, sukari viwili, maji kimoja, rangi na iliki, na sikubonyeza kitu mpaka shira ikaanza kuchemka na kutoa yale mapovu makubwa mazito. Simu nikaigeuza kamera ya nyuma iangalie sufuria, sio uso wangu. Maneno niliyokuwa nimeyashika kichwani yalikuwa haya tu:

"Assalamu alaykum. Mlio huu mwausikia ni shira ya mabuyu, imebaki kama dakika tano nimwage mabuyu ndani, na pilipili bado sijatia. Nitie vijiko viwili au vitatu? Andika 2 au 3."

Basi. Hapo ndipo penye kazi yote, wacha niseme kwa nini.

Salamu kwanza. Sisi huku mtu akisalimiwa lazima aitike, hata akiwa na haraka zake. Kwa hiyo zile "waalaykum salaam" zikianza kupanda kwenye komenti ushajua unasikika na hukuuliza mtu. Na wewe mwenyewe salamu hiyo umeitamka tangu mtoto, haipotei mdomoni hata ukiwa na woga namna gani, ukishaitoa sauti inakuwa imefunguka.

Kisha mlio wa sufuria. Shira haimngoji mtu, ikizidi moto inaungua na ukichelewa inakugandia, na mtazamaji analiona hilo kwa macho, hana haja ya kuambiwa "kaa mpaka mwisho". Anakaa aone kama utawahi. Na mkono wangu ulikuwa umeshika mwiko, mkono ulioshika mwiko hata ukitetemeka nani atajua, wote wanadhani ni kukoroga.

Halafu lile swali. Nataka mjue nililibadilisha mara tatu kabla. Mwanzo nilitaka kuuliza "mnapenda mabuyu ya aina gani?" nikaona hilo litamfanya mtu afikirie, na mtu akifikiria haandiki. Tarakimu moja anaandika hata akiwa na mtoto mkononi. Ile sekunde kumi na kitu ya kungoja majibu sikunyamaza wala sikuuliza tena, nilikuwa nakoroga na kuwaonyesha shira inavyoanza kuvuta. Na nilikuwa nimejiwekea akiba: kama hakuna atakayejibu nasema "haya, mmeniachia mimi, natia viwili" maisha yanaendelea. Sikuihitaji. 3 zilijaa, na mmoja akaandika 10, sijui alikuwa na nia gani na tumbo lake.

Kitu kimoja kiliharibika. Mvuke. Simu nilikuwa nimeiweka juu ya sufuria kabisa, baada ya dakika mbili kioo cha kamera kikapiga ukungu na watu wakaanza kuuliza mbona twaona mawingu. Iweke ubavuni, mbali kidogo, na kitambaa kikavu kiwe karibu.

Bei niliisema ndani ya dakika ya kwanza na nilikuwa nimeiandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi nyuma ya jiko. Wale wa "bei njoo inboksi" mimi nawashangaa, unamkaribisha mtu dukani halafu unamnong'oneza bei nje? Na kila baada ya dakika tatu hivi, nikiona wapya, nilirudia ufunguzi ule ule kwa kifupi: "Uliyeingia sasa, haya ni mabuyu, tumetia pilipili vijiko vitatu, oda za leo zaondoka kesho asubuhi na boti ya Mokowe." Usione haya kurudia. Wa zamani hawachoki kwa sentensi moja, na mpya asipoelezwa anapita.

Kuhusu woga wenyewe, sentensi ya kwanza ndiyo ya kukariri, basi, usikariri hotuba. Ukikariri hotuba neno moja likiteleza yote yanaanguka. Na kabla hujabonyeza toa pumzi nje polepole mpaka iishe, mara mbili, tatu. Tatizo watu wanavuta pumzi nyingi ndani wanaishikilia, ndio ile sauti nyembamba ya kukabwa inapotoka.

Kujaribu kama unasikika kufanye kabla. Facebook kwenye akaunti yako chagua Only me pale pa kuchagua nani aone, rusha dakika moja, kisha iangalie na usikilize sauti. Nilipofanya hivyo nilikuta feni ya jikoni inanguruma kunishinda mimi.

Sasa kuna jirani yangu, fundi wa kofia, akaniambia mimi sina sufuria, kofia yangu yachukua miezi, nitawatia haraka gani watu? Kweli. Yake tukaifungua kwa mwisho badala ya haraka. Alingoja mpaka kofia imebakisha matobo machache, akaisogeza kwenye kamera mpaka sindano ikaonekana, akasema "Assalamu alaykum. Kofia hii nimekuwa nayo miezi mitatu, leo yamebaki matobo sita. Hesabuni na mimi." Akanyamaza, akashona. Watu wakawa wanaandika 1, 2, 3 kwenye komenti, na yeye ambaye hata kwenye harusi hutamsikia akisema, hakuhitaji kusema neno jingine mpaka tobo la nne, mtu alipouliza kipimo cha kichwa.