Jedwali pana kwenye tasnifu: kulaza ukurasa mmoja bila kuvuruga namba wala kichwa cha juu

> "Wadau, nina jedwali la mavuno ya dagaa kwa mialo ya Ilemela, Sengerema na Ukerewe, safu 14: mwalo, wilaya na miezi 12. Nikilaza ukurasa kwenye Word, sura nzima inalala, au namba zinaanza upya na jina la sura linapotea. Nabaindi wiki ijayo. Msaada tafadhali."

Mkuu, Word hailazi ukurasa, inalaza seksheni. Ukibonyeza `Landscape` bila kutenga seksheni, kila kilichomo kwenye seksheni hiyo kinalala, na kwako seksheni ni sura nzima. Kwa hiyo jedwali lipewe seksheni yake, yenye ukuta mbele na ukuta nyuma.

Nachukulia karatasi ni A4 na pambizo ni zile za kawaida: kushoto sm 4 kwa ajili ya kubaindi, pande nyingine sm 2.5. Kama mwongozo wa masomo ya uzamili wa chuo chako unasema tofauti, fuata huo.

Weka kasa mwanzoni mwa mstari wenye kichwa cha jedwali, yaani pale panapoanza neno "Jedwali" na namba yake, si ndani ya jedwali. Nenda `Layout > Breaks > Next Page`. Kisha shuka chini ya jedwali, baada ya mstari wa chanzo cha data, uweke `Next Page` nyingine. Hizo ndizo kuta mbili. Washa alama ya ¶ kwenye `Home` uzione zote mbili kwa macho. Kama hapo awali uliweka `Ctrl+Enter` kabla ya jedwali, ifute, la sivyo utapata ukurasa mtupu.

Usilaze bado. Kwanza kata uhusiano wa vichwa, na uanzie nyuma. Bonyeza mara mbili sehemu ya chini ya ukurasa unaofuata jedwali, yaani seksheni ya tatu, uzime `Link to Previous`. Panda sehemu ya juu ya ukurasa huohuo uizime tena, maana juu na chini vina swichi tofauti. Ndipo urudi kwenye seksheni ya jedwali ufanye vilevile, juu na chini. Seksheni iliyounganishwa hunakili ile iliyoitangulia. Ukianza kuhariri ukurasa wa jedwali wakati ya tatu bado imeunganishwa, kila unachobadilisha kinaweza kumiminika hadi mwisho wa tasnifu. Kuzima hakufuti kitu: jina la sura na namba vinabaki, ila sasa kila seksheni ina nakala yake.

Ukiwa humohumo, fungua `Page Number > Format Page Numbers` na uhakikishe seksheni ya jedwali na inayofuata zote ziko kwenye `Continue from previous section`. Hapa ndipo namba zako zinapoanzia upya. Sura ya kwanza huwekewa `Start at: 1` baada ya kurasa za kirumi, na ukiigawa, vipande vinaweza kurithi mpangilio huo. Angalia pia `Different First Page`. Ikiwa imetikiwa, ukurasa wa jedwali, ambao ndio wa kwanza na wa pekee kwenye seksheni yake, unatumia kichwa cha ukurasa wa kwanza, na mara nyingi hicho ni kitupu. Utaijua kwa kibandiko: badala ya `Footer` kinaandika `First Page Footer`. Toa tiki.

Sasa weka kasa ndani ya jedwali, `Layout > Orientation > Landscape`, kisha fungua `Margins > Custom Margins`. Pambizo ya juu lazima iwe sm 4 na nyingine 2.5, na `Apply to` isomeke `This section`. Juu ndiko kunakobaindiwa, kwa sababu msomaji ataugeuza mgongo wa kitabu uelekee juu ili asome jedwali. Sm 4 ikikaa upande mwingine, kichwa cha jedwali kinaweza kumezwa na gundi.

Nafasi uliyopata ni sm 24.7 kwa upana na 14.5 kwa kimo. Miezi 12 kwa sm 1.5 kila mmoja ni sm 18, zinabaki 6.7: mwalo 3.7, wilaya 3. Tumia herufi za ukubwa wa 10. Kwa 12, tarakimu kama 12,450 haitoshei ndani ya sm 1.5 ukitoa nafasi za kingo za seli, na itakatika mistari miwili. Kwa 10 inakaa vizuri.

Imebaki namba na jina la sura. Kama chuo kinakubali viwe juu na chini ya upande mrefu, umemaliza. Vyuo vingi vinataka vikae palepale vilipo kwenye kurasa za kusimama, kitabu kikiwa kimefungwa. Hapo kumbuka: chini ya karatasi iliyosimama ni kushoto kwa karatasi iliyolala, na juu yake ni kulia.

Ukiwa ndani ya `Footer` ya seksheni ya jedwali, futa namba iliyopo lakini acha aya tupu. Chora kisanduku, `Insert > Text Box > Draw Text Box`, upana sm 0.6 na kimo 14.5. Ondoa mstari, rangi na nafasi za ndani. Chagua `Text Direction > Rotate all text 90°`. Ndani yake weka `Page Number > Current Position`, uipange katikati, mistari iwe `Single` na nafasi baada ya aya iwe 0, la sivyo namba itakatwa. Kwenye `More Layout Options` weka mlalo sm 1.25 kutoka `Page`, wima sm 4 kutoka `Page`. Fanya kisanduku kingine ndani ya `Header` kwa jina la sura, mlalo sm 27.85, maandishi yakielekea upande uleule. Kama jina kwenye kurasa za kusimama limekaa kulia, hapa nalo lipange kulia, litashuka hadi mwisho wa kisanduku.

Ili kujua kama imekaa, chapa ukurasa huo na ule uliotangulia, uulaze wa jedwali juu ya mwenzake kingo za kubaindi zikikutana, uinue kwenye mwanga wa dirisha. Namba mbili zinatakiwa kuangukiana. Zikipishana, rekebisha mlalo au wima kwa milimita unazoziona.

Mambo mawili yatakayokusumbua baadaye. Jedwali likijaa ukurasa wote, aya yenye ukuta wa pili inasukumwa mbele na unapata ukurasa mtupu uliolala. Ipe aya hiyo herufi za ukubwa wa 1 na nafasi 0. La pili, usifute ukuta ukidhani ni takataka. Mpangilio wa seksheni umehifadhiwa kwenye ukuta wa mwisho wake, kwa hiyo ukifuta ule ulio kabla ya jedwali, maandishi ya juu yake yote yanalala. Ukiufuta kwa bahati mbaya, `Ctrl+Z` papo hapo, kabla hujafunga faili.

Kazi hii iache mwisho, maelezo yakishatulia, kwa sababu ukuta huacha nafasi nyeupe pale aya inapoishia. Ikiwa pengo ni kubwa, hamishia aya inayofuata jedwali kabla ya ukuta wa kwanza na utaje jedwali kwa namba yake. Steshenari peleka PDF, si faili la Word, na mwambie anayechapa achague `Actual size`, si `Fit`, maana `Fit` hupunguza ukurasa na vipimo vyote hivi vinasogea.