Barua ya kuongeza mkataba wa duka: ile miezi mitatu ya mwisho ina maana gani?

Swali: Assalamu alaykum wakili. Nina duka la vifaa vya ujenzi Bombolulu. Mkataba wangu ni wa miaka miwili, unaisha tarehe 31 Desemba, kodi ni shilingi 45,000 kwa mwezi. Wakala wa mwenye nyumba ameniletea barua ya kuongeza mkataba: miaka mitano na miezi mitatu, kodi 54,000 pamoja na VAT, nyongeza ya asilimia 10 kila mwaka, na amana ya miezi mitatu badala ya miwili. Natakiwa nitie saini na kuirudisha kabla ya tarehe 15 Novemba, la sivyo itahesabiwa sitaki kuendelea na nitoe mali yangu mkataba ukiisha. Je, ni kweli nikipitisha tarehe hiyo nimepoteza duka? Na je, naweza kutia saini lakini nikate ile asilimia 10 kwa kalamu?

Jibu: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Hapana, tarehe 15 Novemba ikipita bila saini yako hujapoteza duka. Na kalamu yako iweke chini kwanza, nitakueleza kwa nini.

Duka lako liko chini ya Sura 301 ya sheria za Kenya, ile inayowalinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Mkataba wa maandishi wa duka ambao hauzidi miaka 5 ni upangaji unaolindwa. Sheria hiyo inasema upangaji wa aina hii haukatiki, wala sharti lake lolote halibadilishwi, isipokuwa kwa utaratibu iliouweka yenyewe, hata kama mkataba wako umeandika vingine. Kwa hiyo tarehe 31 Desemba ikifika, miaka yako miwili itakuwa imeisha kwenye karatasi, lakini wewe bado ni mpangaji halali kwa kodi ile ile ya 45,000.

Mwenye nyumba akitaka kukutoa au kupandisha kodi bila ridhaa yako, ni lazima akupe notisi kwa fomu maalumu, Fomu A. Ndani yake aandike sababu zake, na tarehe ya notisi kuanza kufanya kazi isiwe chini ya miezi miwili tangu uipokee. Barua uliyopewa si notisi hiyo. Ni pendekezo tu, na kunyamazia pendekezo si kulikubali, wala si kukubali kuhama. Tarehe 15 Novemba ina nguvu moja: baada ya hapo mwenye nyumba hafungwi tena na masharti aliyokupa. Anaweza kuyaondoa au kuleta mengine.

Sasa tazama ile miezi mitatu, maana nadhani ndiyo sehemu ya barua uliyoipita haraka kuliko zote. Kwa nini miaka mitano na miezi mitatu, si mitano kamili? Kwa sababu mkataba wa miaka 5 kamili bado unalindwa, na wa miaka 5 na miezi 3 umeuvuka mpaka. Mawakili wa wenye majengo hapa Mombasa wanaandika muda huo makusudi. Ukitia saini, ule upangaji wako wa zamani unakwisha kwa ridhaa yako mwenyewe na unaingia kwenye mkataba ulio nje ya Sura 301. Siku utakapoisha hutadai Fomu A wala sababu. Utaondoka, au utakubali kodi yoyote utakayotajiwa.

Simaanishi kwamba mkataba mrefu ni mbaya. Katika upangaji unaolindwa mwenye nyumba bado anaweza kukupa notisi kwa sababu zinazotambuliwa na sheria, kwa mfano kwamba anataka kubomoa na kujenga upya, au anataka kulitumia jengo mwenyewe. Mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu usio na nafasi ya kuvunjwa katikati unakukinga na hayo kwa muda wote huo. Mtu aliyetumia fedha nyingi kujenga rafu za vyuma na stoo ya saruji anaweza kuona afadhali kinga hiyo. Ninachotaka ni uijue bei yake kabla ya kulipa.

Iko njia ya katikati. Sheria inasema mkataba wa maandishi unaoruhusu kukatishwa ndani ya miaka 5 ya kwanza, kwa sababu isiyokuwa kuvunja masharti, nao unalindwa, hata uwe wa miaka mingapi. Ukiomba kiwekwe kipengele kwamba upande wowote unaweza kutoa notisi ya miezi sita, unapata mlango wa kutokea biashara ikidorora, na papo hapo mkataba unarudi chini ya Sura 301. Wakala mzoefu atalijua hilo na huenda akakataa. Akikataa, omba miaka 5 kamili, au miwili kama mwanzo. Jibu lake litakuonyesha ile miezi mitatu ina thamani gani kwake.

Kwenye hesabu, usiitazame 54,000 peke yake. Asilimia 10 ya kila mwaka hupanda juu ya kodi iliyokwisha kupanda. Mwaka wa pili utalipa 59,400, wa tatu 65,340, wa nne 71,874, na wa tano 79,061 kwa mwezi. Ukijumlisha miaka mitano unafika karibu shilingi 3,956,000. Nyongeza hiyo hiyo ya asilimia 10 ikiwekwa kila baada ya miaka miwili, jumla inakuwa 3,505,680. Tofauti ni kama 450,000, yaani miezi kumi ya kodi unayolipa leo. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu wabishanie mzunguko wa nyongeza kabla ya kubishania kodi ya mwanzo. Mwenye nyumba hukubali zaidi kwenye mzunguko, kwa sababu tarakimu aliyoizoea kichwani ni ile ya mwaka wa kwanza.

VAT ni asilimia 16, kwa hiyo 54,000 inakuwa 62,640 tangu mwezi wa kwanza. Ushuru huo hutozwa na mwenye nyumba aliyesajiliwa kwa VAT pekee. Muombe wakala uthibitisho wa usajili na ankara ya eTIMS. Kama na wewe umesajiliwa, utaudai kwenye hesabu zako. Kama hujasajiliwa, ni gharama yako moja kwa moja. Amana nayo itataka 72,000 za ziada juu ya 90,000 ulizoweka, maana miezi mitatu ya kodi mpya ni 162,000. Hakikisha mkataba mpya unataja wazi kwamba zile 90,000 za zamani zimehamishiwa humo. Nimeona watu wakidaiwa amana nzima upya kwa sababu neno hilo halikuandikwa.

Tuje kwenye kalamu. Ukikata asilimia 10, ukaandika 5, kisha ukatia saini, kisheria hujakubali kitu. Umelikataa pendekezo lake na kutoa lako, na lile lake limekufa hapo hapo. Huwezi kurudi tarehe 14 kusema basi nakubali yote. Mteja wangu mmoja alifanya hivyo, kisha akalipa amana mpya akidhani mambo yamekwisha. Mwenye nyumba akapokea pesa na kunyamaza. Mwaka wa pili ulipofika kila mmoja alikuwa na karatasi yake na nyongeza yake, na ilituchukua muda mrefu kuonyesha ni masharti yapi waliyoyafuata kwa vitendo. Kwa hiyo usilipe chochote kilichomo kwenye barua hiyo mpaka kuwe na karatasi moja iliyosainiwa na pande zote mbili.

Kuuliza maswali ni tofauti. Kuuliza hakuui pendekezo. Andika mapema, ukiwa bado na siku mkononi, kwa maneno kama haya:

"Nimepokea barua yenu kuhusu kuongeza mkataba wa duka. Nia yangu ni kuendelea kuwa mpangaji. Kabla sijatoa jibu, naomba kujua kama mwenye nyumba angefikiria muda wa miaka 5 kamili, na nyongeza ya kodi kila baada ya miaka miwili. Naomba pia uthibitisho wa usajili wa VAT, na tarehe ya kujibu isogezwe hadi 30 Novemba. Barua hii si kukubali wala kukataa pendekezo lenu, na haki zangu chini ya Sura 301 zinabaki kama zilivyo."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ofisini kwa wakala na urudi nayo. Wakikataa kugonga, itume kwa barua pepe wanayotumia siku zote. Kusogezwa kwa tarehe kuwe kwa maandishi pia. "Usijali, tutaongea" ya kwenye simu haitakusaidia.

Mkishindwa kuelewana, huenda ukaletewa Fomu A yenyewe. Hapo ndipo tarehe zinapouma kweli. Una mwezi mmoja tangu uipokee kumjibu mwenye nyumba kwa maandishi kwamba hukubali, na ni lazima upeleke shauri kwenye Tribunali ya Kodi ya Majengo ya Biashara, ile BPRT ambayo husikiliza kesi hapa Mombasa pia, kabla ya siku notisi inapoanza kufanya kazi. Ukishafungua shauri, notisi inasimama mpaka uamuzi utoke. Ukikaa kimya, kodi mpya inaanza siku iliyoandikwa, na hata kama ni kubwa kupita kiasi utakuwa umechelewa. Andika juu ya fomu siku na saa uliyoipokea, na nani aliileta.

Kwenye tribunali kodi hupimwa kwa soko, yaani duka kama hilo lingekodishwa kwa kiasi gani kwa mtu yeyote. Anza sasa kukusanya ushahidi: pima eneo la duka kwa futi za mraba, na waulize majirani wenye maduka yanayolingana na lako wanalipa ngapi na tangu lini. Maduka matatu yenye risiti yana uzito kuliko malalamiko ya kurasa kumi.

Januari ikiingia bila mkataba mpya, lipa 45,000 siku ile ile uliyozoea, kupitia akaunti ile ile, na uandike "kodi ya Januari" mahali pa maelezo. Usipunguze wala usicheleweshe kwa hasira ya mazungumzo, kwa sababu malimbikizo ya miezi miwili ni sababu halali ya kukutoa, na ungekuwa umempa wewe mwenyewe. Wakala akizirudisha pesa, hifadhi ujumbe wa kurudishwa, mwandikie siku hiyo hiyo kwamba kodi iko tayari, na ziweke kando bila kuzigusa.