Maswali na majibu: Kutafuta pumzi bila kukimbia

Kocha, mbio zimenishinda tangu nikiwa shule. Jimu ninayokwenda ina baiskeli na mashine ya makasia. Nikipandisha na kushusha kasi huko, nitapata pumzi kama wanaokimbia? – Msomaji, Arusha

Utaipata. Moyo haujui kama miguu inakanyaga lami au pedeli, unachojua ni kwamba misuli mikubwa inadai damu. Makasia yanadai zaidi, kwa sababu miguu, mgongo na mikono hufanya kazi pamoja. Kwenye baiskeli mzigo karibu wote ni wa mapaja, kwa hiyo mgeni huanza kuungua mapaja kabla pumzi haijamwishia, na mapigo ya moyo huwa pungufu kidogo kuliko ya anayekimbia. Hilo lisikutie wasiwasi.

Kitu kimoja hutakipata: mifupa. Kukimbia huigonga mifupa ya miguu na kuifanya iwe imara, wakati kwenye mashine zote mbili umekaa. Panda ngazi, au chuchumaa na kuinuka ukiwa umebeba uzito, mara mbili kwa wiki.

Kama huna haraka ya kuchagua, anza na baiskeli. Makasia yana mtindo wake, na mtindo huo unahitaji wiki mbili za kwenda taratibu kabla hujauongezea kasi.

Nilijaribu kwenye makasia: dakika moja kwa nguvu, mbili taratibu, mara sita. Raundi ya tatu nilitaka kutapika, ya tano nikashuka. Rafiki yangu anasema nijikaze. – Msomaji, Nairobi

Kujikaza si tatizo lako. Ulianza kwa kasi ambayo si yako.

Nimewahi kumfundisha mama mmoja wa miaka 43 aliyeanguka kwenye shimo hilohilo. Kioo cha mashine kinaonyesha `/500m`, yaani muda ambao ungetumia kumaliza mita 500 kwa mwendo uliopo. Raundi yake ya kwanza ilisoma 2:12, akafurahi. Ya pili 2:20, ya tatu 2:31, ya nne 2:44, ya tano 2:58. Ya sita hakuifanya. Siku iliyofuata nilimwomba afanye raundi zote kwa 2:32, hata akihisi anadharauliwa. Alizimaliza sita, na ya mwisho ilisoma 2:31.

Sababu iko kwenye hesabu ya mashine yenyewe. Ukinzani wa hewa hukua haraka kuliko mwendo, hivyo nguvu inayotakiwa hupanda kwa mchemraba wa kasi, yaani kasi mara kasi mara kasi. Kwenda 2:32 kunataka wati 100 hivi. Kwenda 2:12 kunataka zaidi ya 150. Machoni ni tofauti ya sekunde 20 tu, lakini miguuni ni nusu tena ya kazi nzima. Mama yule alikopa dakika ya kwanza akailipa kwa zote zilizofuata, na riba juu.

Kasi yako utaipata hivi. Piga makasia taratibu dakika nane, mwili ushike joto. Kisha raundi ya kwanza ifanye kwa mwendo ambao, dakika ikikaribia kwisha, bado unaweza kusema maneno matatu au manne lakini huwezi kusimulia habari. Andika namba iliyosoma. Dakika mbili za taratibu usisimame, endelea kuvuta kivivu. Zikiisha huku bado unahema kwa mdomo wazi, ulizidisha. Raundi ya tatu ikiisha unapaswa kuhisi kama unajilegezea mno. Ya sita iwe ngumu, ila namba yake isiachane na ya kwanza kwa zaidi ya sekunde mbili. Ikiachana zaidi, wiki ijayo punguza mwendo na uache kujilaumu.

Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, siku mbili au tatu zikipita katikati. Siku nyingine nenda nusu saa kwa mwendo unaokuruhusu kupiga gumzo. Namba zikitulia kwa mazoezi mawili mfululizo, badilisha kitu kimoja tu: kwanza ongeza raundi hadi nane, baadaye punguza mapumziko yawe dakika moja na nusu, na mwisho kabisa ndipo uongeze kasi, sekunde mbili au tatu. Mama yule aliongeza kasi mapema kwa sababu ilikuwa inampendeza, tukarudi nyuma wiki mbili. Mbele kabisa ya njia hiyo kuna mpangilio ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, wameutumia kwenye baiskeli: dakika moja kwa dakika moja, raundi kumi. Usiukimbilie.

Kwenye simu nimeona Tabata, dakika nne tu na umemaliza. Kwa nini nisifanye hiyo? – Msomaji, Tabata (kweli kabisa!), Dar es Salaam

Karibu, jirani wa jina. Tabata hiyo haitoki Segerea wala Kimanga, ni jina la Izumi Tabata, mtafiti wa Japani aliyechapisha kazi yake mwaka 1996. Ilikuwa kwenye baiskeli: sekunde 20 za kazi, 10 za mapumziko, raundi saba au nane. Waliofanya walikuwa vijana wa chuo, wanamichezo tayari, na ugumu uliwekwa takriban asilimia 170 ya kile kinachofikisha mwili kwenye kilele cha kutumia oksijeni. Ulikusudiwa wafike mwisho wakiwa hawawezi tena kuzungusha pedeli kwa mwendo uliopangwa.

Mgeni hawezi kufika ugumu huo, na akijaribu, raundi mbili zinamtosha. Basi hulegeza, na hapo anachofanya ni baiskeli ya kawaida yenye kengele ya simu. Zile sekunde 10 ndizo zinazomponza, maana hazitoshi pumzi kurudi. Wewe chukua sekunde 30 kwa nguvu na 90 taratibu, raundi nane. Ukijumlisha kupasha mwili na kupoa, ni dakika 25 hadi 30.

Makasia yananiumiza kiuno. Kile kikono cha pembeni nimekiweka 10 ili nipate mazoezi ya kutosha. – Msomaji, Mombasa

Kirudishe 3 au 4 leo hii. Kikono kile hakipimi ugumu wa zoezi. Kinaamua hewa kiasi gani iingie kwenye gurudumu, mfano wa gia ya baiskeli. Ukikiweka 10, kila mvuto unakuwa mzito na wa polepole kama kuburuta mtumbwi uliojaa maji, na mzigo unaangukia mgongoni. Ugumu unautengeneza wewe, kwa kusukuma miguu. Vumbi nalo hubadilisha mambo, kwa hiyo 4 ya mashine moja haifanani na 4 ya nyingine. Kama kioo chako kinaonyesha `Drag Factor`, yaani kipimo cha ukinzani wa hewa kwenye gurudumu, tafuta 100 hadi 120.

Halafu angalia mpangilio wa mwili. Kwenda, yaani kuvuta: miguu, kiwiliwili, mikono. Kurudi: mikono, kiwiliwili, miguu. Kosa la wengi ni makalio kutangulia: kiti kinaruka nyuma huku mpini umebaki palepale, kisha mgongo ndio unaokuja kuuvuta. Mtu akurekodi kwa simu kutoka ubavuni. Kiti na mpini vinapaswa kuanza safari pamoja. Na kurudi kuchukue muda mara mbili ya kwenda. Kwenye kioo, `s/m`, yaani mivuto kwa dakika, isizidi 26 kwa sasa. Anayesoma 34 huku `/500m` yake ni ileile ya 24 anajirusha mbele na nyuma bure.

Maumivu yakianza raundi za mwisho tu, mara nyingi ni uchovu uliovunja mtindo, basi simamisha zoezi raundi moja kabla ya hapo. Yakishuka mguuni, au yakija na ganzi, acha makasia ukaonwe hospitali.

Baiskeli ya jimu yetu haina wati, ina kirungu cha kuzungusha na `RPM` tu. Na goti la mbele linauma. – Msomaji, Kigali

Tuanze na goti, kwa kuwa pengine ni kiti kilicho chini mno. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudi kukanyagia sehemu pana ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Maumivu yakihamia nyuma ya goti, umekipandisha kupita kiasi.

Kwa ugumu, shika `RPM`, yaani mizunguko ya pedeli kwa dakika, kati ya 80 na 90 wakati wa nguvu, na uzungushe kirungu mpaka maneno yabaki matatu. Ukipita 100 na makalio yanarukaruka, hakuna mzigo. Ukishuka chini ya 60, mzigo umezidi na goti litalalamika tena. Hesabu mizunguko ya kirungu uliyoongeza, uiandike, ndiyo wati yako. Angalizo moja: baiskeli nyingi za aina hii gurudumu zito la mbele limeunganishwa moja kwa moja na pedeli. Huwezi kuacha kukanyaga ghafla, litakuvuta mguu. Jua breki yake kabla ya kuanza. Nyingi husimama ukibonyeza kirungu chenyewe chini.

Ninatumia dawa ya presha na saa yangu haivuki mapigo 120 hata nikihema. Imeharibika? – Msomaji, Maskati

Huenda ni dawa. Zile ambazo jina lake huishia na "olol", kama atenolol, huzuia mapigo kupanda, hivyo jedwali lolote la mapigo kwa umri halikuhusu. Tumia kipimo cha maneno nilichoeleza juu. Lakini kabla ya raundi za nguvu zungumza na daktari wako, na dawa usiiache kwa ajili ya saa. Kifua kikibana, au kizunguzungu kikikupata katikati ya kazi, hapo umemaliza, na uende ukaonwe siku hiyohiyo.

Kizunguzungu cha baada ya kushuka mara nyingi ni habari nyingine: damu imebaki miguuni kwa sababu ulisimama ghafla. Endelea kukanyaga taratibu dakika tano.

Huku kwetu jimu ni ghali. Nina baiskeli ya kawaida yenye gia moja. Inawezekana? – Msomaji, Mwanza

Mji wenu una vilima, na kilima kinafaa kuliko barabara tambarare, kwa sababu unapata kazi nzito ukiwa na mwendo mdogo. Kukimbiza baiskeli kati ya daladala sikushauri. Tafuta mwinuko usio na magari mengi, ambao unaupanda kwa dakika moja ukiwa umekaa, bila kuyumba. Kama gia yako moja inakulazimisha kusimama juu ya pedeli, mwinuko huo ni mkali, tafuta mwingine. Kagua breki zote mbili kwanza, maana mapumziko yako ni kushuka, na unashuka polepole.

Weka jiwe mahali dakika ya kwanza ilipokufikisha. Fanya raundi tano. Ukiwa hulifikii tena hilo jiwe kwenye ya nne, safari ijayo anza taratibu zaidi.